Lilithi wa Saa Kumi na Moja

Binti aliiweka kadi ya kliniki juu ya meza ya kukatia nguo, akaikandamiza kwa mkasi isipeperushwe na upepo wa ziwani. Karatasi imegeuka rangi ya chai. Mahali pa saa ya kuzaliwa mtu ameandika kwa wino wa bluu: 11:00. Hakuandika alfajiri, wala asubuhi, wala usiku. Tarehe inasomeka vizuri: 21 Mei 1996. Kwa mtu wa Mwanza tarehe hiyo haihitaji maelezo. Ndiyo siku MV Bukoba ilipozama ikiwa imebakiza safari fupi kuingia bandarini kwetu, na makaburi ya Igoma yanatukumbusha hadi leo.

Kibanda cha Binti cha cherehani kiko Kirumba, karibu na Mwaloni, na barazani pake ndipo nilipowaomba watu wachache tukutane Jumapili jioni. Sababu ilikuwa nzito. Miezi michache nyuma Binti alisomewa chati yake ya kuzaliwa na mtu wa mbali, kwa simu. Aliambiwa kwamba Lilithi wake amesimama pale pale nyota ya kuchomoza ilipokuwa, kwamba yeye ni mwanamke wa kukataliwa, na kwamba wa kwanza kumkataa ni mama yake mzazi, tangu tumboni. Binti akakaa wiki tatu bila kumpa mama yake shikamoo. Nilitaka tujue: neno hilo limetoka wapi, na lina uzito gani?

Kijana wa duka la simu la jirani ndiye aliyeanza, maana ndiye aliyemwingizia Binti tarehe na saa kwenye programu.

KIJANA: Lilithi ni nyota nyeusi, wengine huiita mwezi mweusi. Haionekani. Inajificha nyuma ya mwezi, na kila mtu anayo kwenye chati. Inaonyesha upande wako ambao watu hawautaki.

BABU: Maneno ya mwisho yana ukweli, mjukuu wangu. Ya mwanzo yote yafute.

Babu ni mzee wa Tanga aliyehamia Mwanza zamani kwa biashara ya nguo. Alisoma falaki chuoni akiwa kijana, ile ya kujua miandamo, kibla na buruji. Wengi wa rika lake wanamkumbuka Sheikh Yahya Hussein kwa utabiri wa magazetini na redioni. Babu anasema yeye alipenda zaidi hesabu kuliko utabiri. Aliomba chaki ya kupimia nguo, akachora yai juu ya meza.

BABU: Mwezi hauzunguki dunia kwa duara kamili. Njia yake ni kama hivi, na dunia haikukaa katikati, imesogea upande mmoja. Kwa hiyo kuna mahali mwezi unakaribia, kama kilomita laki tatu na elfu sitini na tatu, na kuna mahali unakuwa mbali, laki nne na elfu tano hivi. Pale mbali pana jina la zamani katika falaki: auji. Lilithi wenu ndiye auji ya mwezi. Hakuna nyota pale, hakuna jiwe, hakuna kitu. Ni upande tu wa mbingu ambako mwezi ukifika unakuwa umetuacha mbali kuliko siku zote.

MWALIMU: Basi tunajadili mahali patupu.

BABU: Patupu, ndiyo. Na yai hili lina vitovu viwili. Kimoja amekaa dunia. Cha pili, huku kwenye upande wa auji, hakina mtu. Wapo wanaosema Lilithi ni hicho kiti kisicho na mkaaji.

Mwalimu alifundisha saikolojia chuoni hadi alipostaafu. Ni mwanamke wa sauti ya chini, na alikuja na daftari. Nilidhani angepinga tangu mwanzo, lakini alimwacha Babu amalize. Aliyemkatiza ni Mama, mama yake Binti, muuza dagaa, ambaye alikuwa ameketi mlangoni mgongo wake ukielekea kwetu nusu.

MAMA: Mwezi mweusi sisi tunaujua. Ndiyo siku za kazi. Mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawafuati taa, mitumbwi inakaa ufukweni, watu wanashona nyavu. Likija giza ndipo tunapata. Wiki aliyozaliwa huyu mwezi ulikuwa mchanga, dagaa walikuwa wengi. Sasa mnaniambia giza lile ndilo lililomharibia mwanangu?

BABU: Hapana, mama. Giza lako ni la kuandama kwa mwezi, wakati jua na mwezi viko upande mmoja. Hilo huja kila siku 29 na nusu. Auji haijali kama mwezi ni mchanga au mpevu. Unaweza kuwa mpevu na uko mbali, unaweza kuwa mchanga na uko karibu. Hilo jina la mwezi mweusi limewachanganya wengi zaidi yako.

Mama aliitikia kwa kichwa, lakini sikuona kama ameridhika. Nami sikumlaumu. Jina lenyewe lilipita mikononi mwa watu wengi kabla ya kufika kwenye auji. Mwaka 1898 Mjerumani mmoja, Georg Waltemath, alitangaza kwamba dunia ina mwezi wa pili. Wanaastronomia hawakuuona. Mwaka 1918 mnajimu wa Kiingereza aliyejiita Sepharial akauchukua mwezi huo usiokuwepo, akauita Lilithi. Baadaye wanajimu wengine wakalihamishia jina hilo kwenye auji, ambayo angalau inaweza kuhesabiwa. Falaki yenyewe iliijua auji kwa karne nyingi kabla ya hapo. Kumsomea mtu tabia kwa auji ni jambo la karne ya ishirini.

MWALIMU: Na jina walilichagua kwa makusudi. Katika Isaya sura ya 34 Lilithi ametajwa mara moja tu, kiumbe wa magofu. Tafsiri ya Kiingereza ya 1611 ikamfanya bundi. Halafu kuna kitabu cha Kiyahudi cha zama za kati, Alfabeti ya Ben Sira, kinachosema alikuwa mke wa kwanza wa Adamu, ameumbwa kwa udongo ule ule, akakataa kulala chini ya mumewe, akaruka akaenda zake. Baada ya hapo akahesabiwa muuaji wa watoto wachanga. Tazameni alivyogeuzwa: mwanamke amesema hapana, huku ni bundi, kule anaua watoto.

MAMA: Kama shangazi.

Sote tukanyamaza. Mama aligeuka akatutazama kwa mara ya kwanza.

MAMA: Shangazi yake baba yangu, huko kijijini. Alikaa mjane, akakataa kurithiwa na shemeji. Alikuwa na ng'ombe zake mwenyewe. Miaka yote alipikia kinyesi cha ng'ombe na kuni mbichi, macho yakawa mekundu. Wakasema macho yale ni ya mchawi. Mtoto wa jirani akafa, wakaenda kwa mganga, mganga akasema tazameni nyumba yenye macho mekundu. Hatukumzika mzima.

Kwa msomaji wa Mwanza au Shinyanga habari hii si ngeni. Vikongwe wengi wa Usukumani wameuawa kwa ushahidi wa macho yaliyoharibiwa na moshi. Na kinachowatangulia wauaji karibu kila mara ni kile kinachoitwa ramli chonganishi, uaguzi unaomwonyesha mteja mtu wa kulaumiwa. Mwaka 2015 serikali ilitangaza kupiga marufuku wapiga ramli. Mimi niliyewaita watu barazani nilikuwa na hofu hiyo hiyo tangu mwanzo: kwamba Lilithi, akiingia kwetu na simu zetu, atapata kazi ileile.

KIJANA: Lakini mimi sikumwagulia mtu. Programu imepiga hesabu yenyewe.

BABU: Basi tuipige hapa, tuone.

Babu hakutumia simu. Alisema anakumbuka kituo kimoja: tarehe 1 Januari 2000 auji ya wastani ilikuwa nyuzi 23 za Mshale. Kila siku inasogea mbele chini kidogo ya dakika 7 za uzi, kila mwaka nyuzi 40 na ushee, na inamaliza buruji zote 12 kwa miaka 8 na miezi 10 hivi. Tangu 21 Mei 1996 hadi Januari mosi ile ni siku 1,320. Alizidisha kwa chaki pembeni ya yai, akapata nyuzi 147. Akarudi nyuma: buruji nne kamili zilimtoa nyuzi 23 za Mshale akafika nyuzi 23 za Simba, nyuzi 27 zilizobaki zikamwingiza Kaa. Akaandika: Kaa, nyuzi 26. Kijana akafungua simu, akapata hiyo hiyo. Nilimwona anamtazama Babu kwa macho mengine.

MWALIMU: Kabla hatujaenda mbali. Auji hii inakaa Kaa muda gani?

BABU: Miezi tisa kasoro siku chache. Iliingia mwishoni mwa Septemba 1995, ikatoka Juni 1996.

MWALIMU: Kwa hiyo kila mtoto aliyezaliwa ndani ya miezi hiyo, Mwanza, Muscat, Moscow, ana Lilithi wa Kaa. Darasa zima la Binti. Wote walikataliwa na mama zao?

BABU: Hapana, na msomaji mwenye akili hasemi hivyo. Buruji inatupa mada tu. Kaa ni nyumbani, mama, kulisha, kulia. Kinachomtenga mtu na mwenzake ni nyumba, yaani saa na mahali alipozaliwa. Haya, binti yangu, saa ngapi?

Binti akaisogeza kadi. Babu akaivaa miwani, akasoma 11:00, akamtazama Kijana.

BABU: Uliandika nini kwenye simu?

KIJANA: Kumi na moja. Kama ilivyo.

BABU: Simu inahesabu kizungu. Umeiambia amezaliwa saa tano asubuhi. Mama, mtoto huyu alizaliwa lini?

MAMA: Saa tano? Saa tano mji mzima ulikuwa unalia! Amezaliwa alfajiri. Giza bado. Saa kumi na moja.

Hapo ndipo usomaji wa simu ulipovunjika, na ningependa kueleza kwa utaratibu. Auji yenyewe haikuathirika, kwa sababu ndani ya saa sita inasogea kidogo mno. Lakini upeo wa mashariki unapita uzi mmoja kwa kila dakika nne hivi, na saa sita zinauzungusha robo nzima ya mbingu. Saa tano asubuhi, kwa Mwanza, kilichokuwa kinachomoza kilikuwa nyuzi 28 au 29 za Kaa, nyuzi mbili au tatu tu kutoka kwa Lilithi. Ndiyo maana yule msomaji alishtuka, akaona alama nzito. Saa kumi na moja alfajiri kilichokuwa kinachomoza kilikuwa mwanzo wa Ng'ombe. Lilithi akashuka chini ya upeo hadi nyumba ya tatu, ya kauli na ndugu, karibu kabisa na kizingiti cha nyumba ya nne, ya wazazi na nyumbani. Yeyote anayejaza saa ya kuzaliwa kwa Kiswahili na aangalie hapo kwanza: chati ikikuweka jua juu ya kichwa na mama yako anasema alikuzaa kwa koroboi, saa imegeuzwa.

BINTI: Kwa hiyo aliyoniambia yote ni uongo?

BABU: Alisoma chati ya mtu mwingine. Na kuna la pili. Programu hiyo ina Lilithi wawili. Iangalie.

Kijana akapekua. Kulikuwa na `Mean Lilith` na `True Lilith`. Ya kwanza ni ya wastani, ile Babu aliyoipigia hesabu, inayotembea sawasawa. Ya pili inafuata umbo la njia ya mwezi kwa dakika ile ile, na kwa kuwa jua linauvuta mwezi huku na huku, inayumba mbele na nyuma, mara nyingine hadi nyuzi 30 kutoka kwenye ile ya wastani. Hiyo ni buruji nzima. Kwa mtu aliye nyuzi 26 za Kaa, kusukumwa nyuzi nne tu mbele kunamtoa Kaa na kumpeleka Simba.

MWALIMU: Basi mtu anaambiwa amezuiwa kulia, na kwa kubonyeza mahali pengine anaambiwa amezuiwa kujionyesha. Na yote mawili yatamgusa. Mwaka 1948 mwalimu mmoja Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake maelezo ya tabia zao, kila mmoja akidhani ni yake peke yake. Wote walipewa karatasi ile ile. Walipoulizwa inawafaa kiasi gani, wastani wao ulizidi 4 kati ya 5. Babu, hilo unalijibuje?

BABU: Sina jibu la kukutosha, Mwalimu. Mimi natumia ya wastani kwa sababu naweza kuihesabu na kuikagua. Sisemi auji inamfanya mtu awe vile. Nasema nikikaa na mtu, siku zote namuuliza swali moja: ulikatazwa kuwa nani? Nyumba inaniambia nianzie kuuliza wapi. Halafu nanyamaza.

MWALIMU: Swali hilo nalikubali bila mwezi. Carl Jung aliita kivuli ile sehemu ya nafsi mtu anayoifungia nje kwa sababu nyumbani haikupokelewa. Na dalili yake inajulikana: unaiona kwa wenzako, na inakuudhi kupita kiasi. Mtu aliyezuiwa kucheka anachukia wanaocheka.

BABU: Hiyo ndiyo dalili ninayoitafuta na mimi. Tena hujitokeza kwa namna mbili. Mmoja anaizika kabisa, mwingine inamtoka ghafla, nyingi mno, mahali pasipostahili.

Binti alikuwa ameshika ncha ya kadi, anaikunja na kuikunjua. Aliongea bila kuulizwa.

BINTI: Mimi sauti yangu. Nyumbani nilikuwa naambiwa punguza sauti. Nikiimba, punguza sauti. Nikicheka, wewe umezaliwa siku gani? Siku yangu ya kuzaliwa watu wanakwenda Igoma na maua. Sijawahi kukatiwa keki. Sasa hapa kibandani akija mteja anacheka kwa nguvu, natetemeka. Namchukia. Nilimfukuza msichana wa kazi kwa sababu hiyo, nikasema ananiharibia wateja.

KIJANA: Nyumba ya tatu! Kauli!

MWALIMU: Taratibu, kaka. Amezaliwa siku ya msiba wa mji mzima, na familia ilimnyamazisha. Hiyo inatosha kueleza. Nyumba ya tatu imeongeza nini? Tena angesema analia peke yake jikoni, ungepiga kelele Kaa.

Babu hakumbishia. Alipendekeza kipimo: auji ya wastani ilirudi kwenye nyuzi 26 za Kaa mwishoni mwa Machi 2005, mwanzoni mwa Februari 2014, na tena Desemba 2022. Je, kuna lililomtokea Binti kuhusu sauti yake? Binti alifikiri muda mrefu. Mwaka 2005 hakumbuki chochote. Februari 2014 aliacha kwaya ya kanisani. Desemba 2022, hakuna. Mwalimu akasema moja kati ya tatu ni kitu ambacho mtu yeyote anaweza kukipata akichimba. Babu akasema ni kweli, ila kwaya ni kwaya. Hawakupatana, na hadi naandika hawajapatana.

Mimi msimamo wangu ni huu. Siamini kwamba kiti kitupu cha mwezi kinajua lolote kuhusu Binti. Lakini nimeona kwa macho yangu kwamba swali la Babu lilimfanya aseme juu yake mwenyewe jambo ambalo hajawahi kulisema, na neno la yule msomaji wa simu lilimfanya amnyooshee kidole mtu mwingine. Tofauti ya hayo mawili ndiyo ninayoipigania. Lilithi akisomwa, asomwe na mwenye chati, kwa maneno ya "mimi nilikatazwa" na "mimi namchukia fulani kwa hili." Anayechukua alama hiyo hiyo akamwambia mtu "mama yako," "mkeo," "jirani yako mjane," huyo anapiga ramli chonganishi, hata kama ameipiga kwa setilaiti. Yule mganga wa kijijini alichohitaji ni macho mekundu tu. Huyu wa sasa anapewa nyuzi na dakika, na wanaomsikiliza wanadhani nyuzi na dakika ni ushahidi.

Jua lilikuwa limezama nyuma ya vilima na taa za kwanza za wavuvi zilianza kuwaka mbali majini. Babu alikuwa bado na jambo moja la hesabu.

BABU: Mama, nisaidie. Alipotoka, adhana ya alfajiri ilikuwa imeshaadhiniwa?

MAMA: Kwa nini?

BABU: Kama alizaliwa robo saa kabla ya kumi na moja, alama hii inavuka kizingiti. Inatoka nyumba ya kauli, inaingia nyumba ya wazazi.

MAMA: Robo saa! Nani anatazama saa akiwa pale? Niliisikia adhana, lakini mtoto alikuwa tayari mikononi. Zaidi ya hapo sijui.

Babu akaandika nyumba zote mbili kwa chaki, akaweka alama ya kuuliza katikati. Mama alisimama, akafunga kanga yake, akaanza kukusanya mabeseni. Alipofika mlangoni Binti alimwita.

BINTI: Shikamoo, mayu.

MAMA: Marahaba.

BINTI: Nani alianza kuninyamazisha?

Mama aliweka mabeseni chini.

MAMA: Bibi yako. Majirani walikuja asubuhi na vigelegele, kama desturi. Habari ilikuwa imeshafika. Akatoka nje akawaambia nyamazeni. Mdogo wake alikuwa ndani ya meli.